Nimebandika hadithi iliyokatika katikati, naomba mwenye kalamu aiendeleze

Mpwa wa Walukuba
Habari zenu wakuu. Shangazi yangu alifariki mwaka jana, na kwenye sanduku lake tumekuta daftari la mazoezi lenye hadithi hii. Inakatikia hapo mnapoona. Watoto wake wananiomba niimalizie ili tuisome yote siku ya kumbukumbu, nami si mwandishi. Alikulia Walukuba, Jinja, ambako watoto wa wafanyakazi wa viwandani walizungumza Kiswahili uwanjani, ndiyo maana ameandika hivi. Naomba mwendelezo unaofanana na yeye. Nimenakili kila neno kama lilivyo:

*Cherehani ilifika nyumbani kwetu kwa baiskeli. Baba aliiweka nyuma, ndani ya gunia la kahawa, akaifunga kwa mpira wa tairi, akaisukuma kwa miguu kutoka mjini. Ilikuwa kichwa tu. Meza na miguu yake ya chuma vilibaki dukani. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo.*

*Sikuwa nimeanza shule. Asubuhi ile Mama alinituma Masese kwa samaki pamoja na dada yangu mkubwa, tukarudi jua limesimama, tukakuta watoto wa mlango wa pili wanachungulia kizingitini. Mama aliwafukuza. Alifunga mlango mchana.*

*Baba aliisukuma chini ya kitanda. Akasema, "Ni ya watu." Mama akauliza watu gani. Baba akasema, "Mpaka mwezi wa kumi na moja, halafu tutaona." Mama alivua kanga moja akaifunikia. Jioni Baba alizima redio kabla ya habari.*

*Mwenyewe nilimwona mara moja. Alikuwa na chaki vidoleni na tepu shingoni. Alimpa Baba ufunguo pia, mdogo, wa droo. Droo ilibaki na meza.*

*Usiku ilishona. Sisi tulilala chumba cha mbele, na kati yetu na wazazi palikuwa na pazia. Tak, tak, tak, polepole, kama mtu anayeshona kola, kisha kimya, kisha tena. Asubuhi nilitazama sakafuni. Hapakuwa na kipande cha uzi. Alikuwa Baba. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo.*

*Kila mwisho wa mwezi Baba alivuta kopo la maziwa ya unga kutoka nyuma ya jiko. Alinikalisha nimshikie taa, mimi bado na sare. Aliweka noti mbili, mara nyingine moja. Noti zilikuwa na uso, uso uleule, na Baba alizilaza kifudifudi kabla ya kuhesabu. Akimaliza alisema, "Hii si yetu," na kopo likarudi.*

*Siku meza ilipokuja, mimi ndiye niliyefungua mlango. Kijana alikuwa ameibeba kichwani, miguu ya chuma juu. Aliitua uani, akapangusa droo kwa kiganja, akaniuliza kama Baba yuko. Nikasema*

Hapo ndipo mwisho. Hata nukta hakuna.

Kijana wa Arua
Pole kwa msiba kaka. Hii ni hadithi ya jini, mashine inashona yenyewe usiku na uzi hauonekani. Ngoja nikusaidie:

*Nikasema Baba hayupo. Ghafla upepo mkali ulivuma, mbingu ikatanda giza totoro, moyo ukanidunda kama ngoma. Macho ya yule kijana yaling'aa mekundu. Kutoka chini ya kitanda cherehani ikaanza kushona kwa kasi ya ajabu…*

Mkipenda naendelea.

Mwalimu Tororo
Kijana, una mkono mwepesi, lakini huyo uliyemwandika si shangazi yake. Rudi usome tena, halafu tafuta mahali ambapo mama huyu ametaja hali ya hewa. Hapana hata mahali pamoja. Tafuta alipotaja moyo wake, hofu yake au furaha yake. Hapana. Mama yake anapoogopa, yeye anaandika "Alifunga mlango mchana" kisha anakwenda zake. Baba anapokataa kusikia habari, tunaambiwa redio imezimwa. Kila hisia ameipa kitu cha kushika: mlango, kanga, redio, noti. Ukileta upepo na moyo wa kudunda, msomaji atajua mara moja kwamba mwandishi amebadilika, hata kama hawezi kueleza amejuaje.

Angalia na urefu wa sentensi zake. Anatembea kwa sentensi ndefu kidogo yenye vitendo viwili vitatu vilivyoungwa kwa "-ka-", kisha anapiga moja fupi: "Ilikuwa kichwa tu." "Alifunga mlango mchana." Jambo zito hukaa kwenye ile fupi. Anayeendeleza lazima ajue atakachokiweka kwenye fupi.

Dereva wa Malaba
Ndugu mleta uzi, hii kesi naijua vizuri. Babu yangu aliachiwa mashine ya kusaga posho na Mhindi mwaka 1972, Amin alipowafukuza Waasia, akakaa nayo. Kulikuwa na bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka, na sheria ya 1982 ikawaruhusu wenyewe kurudi kudai. Miaka ya 1990 mjukuu wa yule mzee akaja na picha na barua. Ushauri wangu, hiyo cherehani msiiuze. Andikeni karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mlikuwa mnaitunza tu.

Mpwa wa Walukuba
Asante mzee, ila sijauliza habari ya mali. Cherehani yenyewe sijawahi kuiona. Naomba mwendelezo wa hadithi.

Dereva wa Malaba
Kama haipo, basi iliuzwa. Hapo ndipo pa kuendeleza.

Binti wa Bombo
Jamani mnarukia 1972 kwa sababu kila mtu anaijua. Nani amesema mwenye cherehani ni Mhindi? Mwandishi kataja chaki na tepu tu, na hata sisi Wanubi tuna mafundi. Mimi naiona 1979. Amin alipoanguka mwezi wa nne, watu waliingia madukani wakabeba walichoweza, na sisi wa Bombo tukakimbilia Sudani tukiacha nyumba zikiwa na vyombo ndani. Bibi yangu aliporudi alikuta kabati lake kwa jirani, na jirani alimwambia maneno hayohayo: "Ni ya watu, tulikuwa tunakutunzia." Kichwa bila meza, gunia, mlango kufungwa mchana, watoto kufukuzwa: huo ni uporaji. Baba ameiba, naye mtoto anamficha.

Kwa hiyo mwendelezo wangu utakuwa wa mtu anayekuja kuchukua chake.

Mkusanya Noti
Dada Bombo, pole kwa yaliyowapata, lakini noti zinakukatalia. Nakusanya pesa za zamani, nazo zinasema hivi. Noti za kwanza za Benki ya Uganda, za 1966, hazina uso wa kiongozi. Sura ya Amin ilianza kuonekana kwenye noti za 1973. Baada ya kuondolewa kwake 1979 zikatoka noti nyingine zisizo na sura yake. Kopo lina uso uleule kwenye kila noti, basi kopo ni la kati ya 1973 na 1979. Cherehani ilishafika kabla ya hapo, kwa hiyo haikuporwa 1979.

Ila hata wa 1972 wasishangilie haraka. Amin alitangaza mwezi wa nane 1972, akatoa siku 90, na mwisho ukawa tarehe 8 mwezi wa kumi na moja. Hilo linakaa sawa na maneno ya Baba. Lakini mwezi huo wa kumi na moja noti yenye uso haikuwapo bado. Maana yake baina ya aya ya redio na aya ya kopo pamepita miezi, pengine mwaka au zaidi, na mwandishi hakusema "miaka ikapita". Kasema tu mwanzoni hakuwa ameanza shule, na kwenye kopo yuko na sare. Ukisoma mbiombio unadhani ni wiki ileile.

Mwalimu Tororo
Ahsante sana, hilo la sare lilinipita kabisa. Limetupa jambo kubwa: mwandishi huyu anaruka miaka bila kugonga hodi. Hivyo hatujui "siku meza ilipokuja" ni lini. Inaweza kuwa 1974 na yeye mtoto, inaweza kuwa 1992 na yeye mwanamke mzima aliyekuja kumsalimia baba yake.

Nakato J.
Ni mtoto. Mtu mzima hawezi kusema "mimi ndiye niliyefungua mlango" kwa fahari hiyo.

Dereva wa Malaba
Ni mtu mzima. Anamwita aliyekuja "kijana". Mtoto wa darasa la pili akimwona mwanamume wa miaka ishirini hamwiti kijana, anamwita mjomba. Na miaka ya 1990 ndiyo waliyorudi. Nilisema.

Nakato J.
Anayeandika ni mtu mzima hata kama anayefungua mlango ni mtoto, mzee wangu. Neno limetoka kwa anayeandika.

Fundi Mbale
Nimesoma kimya mpaka hapa. Nashona tangu ujana, na hizi za chuma za miguu nimezifungua nyingi, kwa hiyo niseme juu ya ule mlio.

Cherehani ya miguu haiwezi kushona kwa miguu bila meza yake. Nguvu inatoka kwenye kanyagio, inapanda kwa gurudumu kubwa la chini, inavutwa na mkanda wa ngozi hadi gurudumu dogo la kichwani. Baba alibeba kichwa tu, basi kanyagio hakuna na mkanda hauna pa kushika. Kinachowezekana ni kulizungusha lile gurudumu dogo kwa mkono, na mlio wake ndio huohuo ulioandikwa: tak, tak, polepole, kimya, tena, mkono ukichoka. Ukikanyaga kwa miguu milio inaungana, huwezi kuihesabu. Kwa hiyo Kijana, jini limeondoka.

Sasa kwa nini mtu azungushe mashine usiku bila uzi? Mashine ikikaa bila kuendeshwa, mafuta yanaganda ndani kama gundi, na karibu na ziwa kutu nayo haichelewi. Baada ya miezi unakuta gurudumu halizunguki kabisa. Anayetunza mali ya mtu anatia matone ya mafuta kwenye matundu, anazungusha taratibu, anaacha yaingie, anazungusha tena. Mwizi hasumbuki hivyo, mwizi anauza wiki ileile. Na ndiyo maana sakafuni hapakuwa na uzi. Huyo baba alikuwa anaitunza.

Kijana wa Arua
Fundi umeniulia jini wangu mchana kweupe. Lakini nikubalieni swali moja. Shangazi anasema "Alikuwa Baba. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo." Alikuwepo wapi? Pazia limefungwa.

Mwalimu Tororo
Kijana, hapo umetia kidole penyewe. Tazameni "nilikuwepo" zote mbili. Ya kwanza inakuja baada ya safari ya baiskeli kutoka mjini na meza kubaki dukani. Aya inayofuata inatuambia kwamba asubuhi ile alikuwa Masese kwa samaki na aliporudi mambo yalikwisha. Hakuwepo. Ya pili inakuja baada ya sauti iliyosikika nyuma ya pazia. Hakuona. Kwenye kopo, ambako kweli alikuwepo na taa mkononi, hasemi kitu. Mlangoni vilevile.

Hii kwangu ndiyo sauti yenyewe ya hadithi. Anaapa pale ambapo hana ushahidi, na pale alipo nao ananyamaza. Anaamua kumwamini baba yake, na kiapo ndicho alichonacho cha kuzibia pengo. Basi mwendelezo una kazi moja ngumu: ile sentensi irudi mara ya tatu au isirudi? Ikirudi mahali ambapo yuko kweli, hadithi itakuwa imegeuka. Anayeitumia kila aya atafanya iwe kibwagizo cha wimbo, na itakufa.

Nakato J.
Mwalimu, nakuheshimu, lakini unamfanya marehemu awe mwongo. Bibi yangu wa Iganga alisimulia hivyohivyo, "mimi nilikuwa pale", hata kwa harusi ya wazazi wake. Kwa wazee wetu kuwepo ni kuwa wa nyumba hiyo. Kilichotokea nyumbani kwako umekiona hata kama ulikuwa kisimani. Sioni pengo lolote pale.

Mwalimu Tororo
Inawezekana, dada. Lakini mbona baada ya kuapa anatutajia Masese mara moja? Angeweza kuiacha. Mtu anayeficha hatoi ushahidi dhidi yake mwenyewe, na mtu anayesimulia kimazoea hana haja ya kuutoa. Amepanga tuuone.

Nakato J.
Au alikumbuka samaki tu.

Binti wa Bombo
Haya, 1979 nimeiweka chini, noti zimenishinda. Lakini wizi sijauacha. Mtu anaweza kupewa kitu akitunze na bado akaanza kukipenda. Fundi kasema Baba aliizungusha usiku. Na zile noti je? Kama ni mtunzaji tu, kwa nini aweke pesa kila mwezi? Mtunzaji hadaiwi kitu.

Mkusanya Noti
Analipa kodi ya mashine! Labda Mama aliitumia mchana, akishona kwa kuzungusha kwa mkono, na Baba akaona si halali kula jasho la mashine ya mtu bila kumwekea chake. "Hii si yetu." Kuna miezi ya noti mbili na kuna ya moja, sawasawa na kazi inavyopatikana.

Na fikirieni mwisho wa pesa hiyo. Tuseme kopo lilikaa, noti zikabadilishwa kwa zile zilizofuata, mpaka 1987. Mwaka huo serikali ilikata sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa wakati wa kubadilisha. Aliyekuwa na 10,000 kwenye kopo alitoka benki na 70. Kama hakwenda benki, alibaki na karatasi. Kijana akija 1992 kudai, Baba atamkabidhi nini? Hapo pana hadithi nzito kuliko ya jini.

Kijana wa Arua
Nimejaribu tena, bila upepo safari hii:

*Nikasema Baba yuko kazini. Kijana akasema atasubiri. Nilimpa kigoda na maji. Alikunywa, akarudisha kikombe, akatazama mlango wa ndani. Akasema meza hii imeshapitia mikono mingi. Nikamwuliza mikono gani. Hakujibu. Alivuta droo. Haikufunguka.*

Mwalimu Tororo
Hii sasa ni ya kwake. "Haikufunguka" imekaa palepale panapostahili. Neno moja tu: "imeshapitia mikono mingi" inatueleza sana, na watu wa hadithi hii hawaelezi. Ingetosha aseme "Meza hii nimeinunua."

Fundi Mbale
Nzuri. Nami nina wasiwasi wa kifundi juu ya meza kichwani. Miguu ya cherehani ni chuma cha kusubu. Kijana mwenye nguvu ataibeba, lakini si kutoka mjini hadi Walukuba, shingo itakataa. Ama ameshushwa na gari karibu na hapo, ama anakaa mtaani humohumo. Kama anakaa mtaani, basi anamjua Baba, na swali la "Baba yuko" ni salamu tu. Mwandishi wa mwendelezo achague, maana hayo mawili hayawezi kuzaa mazungumzo ya namna moja.

Halafu ndani ya droo watu wasitie almasi. Droo za meza hizo ni nyembamba na ndefu, ziko pembeni. Mle hukaa bobini, sindano kwenye karatasi, chaki, vifaa vya kupindia nguo, labda kitabu cha vipimo vya wateja. Kitabu cha vipimo kingenigusa zaidi kuliko dhahabu. Kina majina ya watu wa Jinja na viuno vyao.

Dereva wa Malaba
Kijana ni mjukuu wa mwenyewe. Amenunua meza kwa mtu aliyepewa duka, sasa anafuata kichwa.

Binti wa Bombo
Au ni mtoto wa yule aliyepewa duka. Baada ya Waasia kuondoka, maduka yaligawiwa watu, na wengi walikuwa wanajeshi. Baba yake aliikuta meza haina kichwa, miaka yote imekaa dukani bure, mwishoni akamtuma mwanawe akatafute kilipo. Huyo hakuja kurudisha meza. Amekuja na meza ili Baba asiweze kusema kichwa si chake, kwa sababu vikikutana vinaingiana kwenye matundu yaleyale. Ndiyo maana nimeandika hivi:

*Nikasema hayupo. Alikuwa ndani, ameketi kitandani, na viatu vyake vilikuwa kizingitini. Kijana aliviona. Hakusema kitu. Alikaa juu ya meza ile, akavua kofia, akaanza kutaja majina ya watu waliokuwa na ufunguo mdogo. Alitaja watatu. Wa tatu alikuwa Baba.*

Nakato J.
Nnyabo, hiyo imenisisimua, lakini haifuati. Majina matatu yanatoka wapi? Umeleta hadithi ya upelelezi kwenye nyumba ya watu wenye adabu.

Binti wa Bombo
Ufunguo umeuleta yeye, si mimi. Mtu hatoi ufunguo ukurasa wa kwanza halafu asiutumie.

Mwalimu Tororo
Nami natia yangu, fupi:

*Nikasema yuko. Tulikuwa tumemzika Jumanne.*

Kama ni miaka ya 1990, hilo linawezekana. Anasema "yuko" kama alivyosema "nilikuwepo".

Mkusanya Noti
Ee. Na kopo liko nyuma ya jiko na hakuna aliyeliangalia.

Fundi Mbale
Mwalimu, hapo umempata. Lakini ukimzika Baba, nani atatuambia ufunguo uko wapi?

Mpwa wa Walukuba
Asanteni wote, sikutarajia. Niongeze mambo mawili ambayo pengine ningeyasema mapema. Shangazi alizaliwa 1966. La pili, nilisema inakatika, na ni kweli, lakini kurasa zilizofuata hazikuwa tupu. Zimechanwa. Mashina ya karatasi yanaonekana kwenye pini za daftari.

Nakato J.
Basi aliimaliza, kisha akaitoa. Kaka, hapo mimi ningeacha kama ilivyo. Aliyechana ana sababu.

Dereva wa Malaba
Watoto huchana daftari wakawashia jiko. Msimtafutie marehemu siri.

Mwalimu Tororo
Kazaliwa 1966: mwaka 1972 ana miaka sita, hajaanza shule, inaingia sawasawa. Kuhusu kuchana, sikubaliani na dada Nakato. Kama alitaka isijulikane angechana yote. Aliacha neno "Nikasema" peke yake mwisho wa ukurasa.

Nakato J.
Mwisho wa ukurasa ni mwisho wa ukurasa, Mwalimu. Neno liliangukia pale.

Kijana wa Arua
Mbona hakuna anayemtaja dada mkubwa? Alikwenda naye Masese, alilala naye chumba cha mbele, alisikia ile tak tak. Baada ya hapo anapotea, kwenye kopo hayupo, mlangoni hayupo. Mleta uzi, huyo dada ni mtu kweli? Yuko hai?

Mpwa wa Walukuba
Ni shangazi yangu mkubwa. Yuko Busia. Hajasoma daftari, macho yanamsumbua, na hakuna aliyemsomea.

Fundi Mbale
Mpigie leo hii. Muulize kama kichwa kilikuwa na mpini wa mkono.

Mwalimu Tororo
Usimpigie kabla hujaandika. Ukishasikia kilichotokea utaandika kilichotokea, na daftari hili halikuandikwa hivyo. Mtu aliyekuwa Masese ndiye aliyelisimulia.

Binti wa Bombo
Simkubali Mwalimu hata kidogo. Huyo dada mkubwa ni mzee, mwendelezo unaweza kungoja, yeye hawezi. Nenda Busia ukamsomee mpaka pale kwenye "Nikasema", kisha nyamaza uone atasema nini.

Dereva wa Malaba
Mimi napita Busia Ijumaa kama unahitaji lifti. Na karatasi ya mwenyekiti bado naisisitiza.